Elfu Sita Hawanunui Chapati

Wiki jana nilisoma hadithi fupi ya rafiki yangu. Bado ni muswada, haina hata jina, na ameniruhusu niichambue hapa mradi nisimtaje. Mhusika mkuu ni Achieng', msichana wa miaka 22 anayeishi Pipeline na shangazi yake, muuza chapati. Achieng' anafungua blogu, na posti yake ya kwanza inahusu daftari la madeni la shangazi: nani anadaiwa, tangu lini, na visingizio vyao. Anatarajia wasomaji 20. Akiamka asubuhi anakuta 6,000.

Nilidhani sasa zitafuata dili na mahojiano ya redio. Wapi! Hadithi inabaki kwenye simu. Achieng' anachungulia takwimu kila saa, hata chooni, na anagundua jambo ambalo sisi tunaoandika mtandaoni hatupendi kulisema: karibu wote waliingia kupitia linki moja, iliyosambazwa na mtu mwenye wafuasi wengi. Walisoma, wakacheka, wakaenda zao. Posti ya pili, kuhusu mvua, inapata watu 140.

Basi ya tatu anarudi kwenye daftari. Anamwandika fundi wa viatu na deni lake la shilingi 460. Hamtaji jina, lakini anataja anavyochechemea. Mtaa mzima unamjua.

Hapo ndipo hadithi iliniweza. Hakuna anayepiga kelele. Fundi anakuja, analipa 460 zote, anasema asante, na harudi tena. Wengine wanaanza kupitia upande ule mwingine wa barabara. Shangazi anauliza huku akikanda unga: "Sasa hao elfu sita, watakuja kununua chapati?"

Shida yangu ni ukurasa wa mwisho. Achieng' anafuta posti, shangazi anamkumbatia, wateja wanarudi. Hapana, bana. Kitu kilichosomwa na maelfu hakifutiki hivyo. Skrinshoti tayari ziko kwenye magrupu ya ploti. Na hata bila skrinshoti, mtu akijiona ndani ya maandishi yako hasahau. Hadithi ya "Cat Person" ilisambaa sana mwaka 2017. Mwaka 2021 mwanamke mmoja akajitokeza na kuandika kwamba mambo kadhaa ndani yake yalitoka kwenye maisha yake. Karibu miaka minne ilikuwa imepita.

Nilimwambia rafiki yangu akate ukurasa huo, aishie kwenye lile swali na unga mikononi. Akanijibu, "Nilimhurumia shangazi." Namwelewa. Lakini huruma hiyo imemfikia shangazi na Achieng' peke yao. Fundi, aliyelipia kicheko cha watu asiowajua, hatumwoni tena. Mimi bado nataka kujua siku hizi anakula wapi.