Heko kwa Hotuba ya Kutetea Mradi

Naipongeza hotuba ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetetea mbele ya jopo mashine ya kutotolea vifaranga, maana humlazimisha kupiga hesabu kabla ya kununua hata waya. Lengo lake linapimika: joto libaki karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi. Lakini yai la kuku huchukua siku 21 kuanguliwa. Umeme ukikatika usiku kucha siku ya 18, mayai yote yaweza kuharibika, na ratiba yenye jaribio moja haina pa kupumulia. Ndipo mjumbe huuliza, “Betri iko wapi kwenye bajeti?” Nalipenda mno swali hilo. Aliyejiandaa huonyesha bei ya betri, kisha wiki tatu alizotenga kwa jaribio la pili.