Njia ya Mafumbo Katika Mji Mkongwe

Mchezo wa uhalisia mbadala ni hadithi inayochezwa katikati ya maisha ya kawaida. Hauna uwanja wake. Hutumia simu, barua, maduka na vichochoro vilivyopo, na wahusika wake huzungumza na wachezaji kana kwamba ni watu wa kweli. Sanaa hii ilipata umbo lake la leo mwaka 2001, pale Jordan Weisman, Elan Lee na Sean Stewart walipotunga mchezo ulioitwa The Beast kutangaza filamu ya Steven Spielberg. Watunzi wale waliandaa mafumbo wakidhani yangewashughulisha watu kwa muda mrefu, lakini maelfu ya wachezaji walikusanyika mtandaoni na kuyafumbua sehemu kubwa kwa siku moja tu. Kundi dogo la marafiki huleta shida iliyo kinyume cha hiyo. Vichwa sita vinavyotembea juani havina msaada wa umati, na fumbo ambalo mtunzi anaona ni la dakika tano huweza kuwachukua nusu saa. Kwa wikiendi moja, mafumbo matano yanatosha: matatu Jumamosi, mawili Jumapili.

Mji Mkongwe wa Unguja unafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa umbali ni mfupi na kila ukuta una la kusema. Kutoka Forodhani hadi soko la Darajani ni mwendo mdogo wa miguu, ila vichochoro hupinda kiasi kwamba mgeni anaweza kutokea alikoanzia bila kujua. Mtunzi huanza kwa kuutembea mji kabla hajaandika neno lolote, na huutembea katika siku na saa zilezile ambazo mchezo utafanyika. Duka lililo wazi Jumanne asubuhi huenda limefungwa Jumapili, na baraza iliyojaa watu baada ya alasiri huwa tupu adhuhuri. Anachotafuta ni vitu visivyohamishika: maandishi yaliyochongwa juu ya milango, majina ya mitaa, ngazi, visima. Mabango na matangazo hayafai, maana hubanduliwa usiku mmoja. Hata jengo kubwa si dhamana. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililoonekana halitingishiki, liliporomoka sehemu yake mwezi Disemba mwaka 2020.

Hadithi ifuate baada ya matembezi, isitangulie. Mtu akitunga hadithi kwanza huishia kuulazimisha mji uifuate. Tuseme matembezi yameonyesha baraza ya kahawa huko Sokomuhogo, mtaa wa Hurumzi, na muuza kanga wa Darajani aliye tayari kusaidia. Kutokana na hayo huzaliwa karani wa forodha wa zamani aliyeficha ujumbe kwa mtu aliyempenda, na ujumbe huo mwishoni utapatikana katika jina la kanga. Njia hutungwa kwa kurudi nyuma: kwanza kanga, kisha fumbo linaloitaja, kisha mahali fumbo hilo linapopatikana, mpaka ujumbe wa kwanza wa Ijumaa usiku. Mtunzi anayeanza mwanzoni hujikuta Jumapili jioni na mafumbo mazuri yasiyofika popote.

Ujumbe wa kwanza ni wa sauti, umetumwa kutoka namba mpya ya simu. Karani anaeleza habari zake kwa ufupi kisha anamalizia: kesho saa kumi alasiri, Sokomuhogo, “wakaha nguchu.” Hiki ni kinyume, mchezo wa maneno ambao watoto wengi wa pwani wameucheza, ambamo silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Rafiki mmoja akikumbuka, wote wanasikia “kahawa chungu,” na wanajua wamwendee nani. Fumbo hili ni jepesi kwa makusudi. Kazi yake ni kuwafundisha wachezaji sheria mbili bila kuzitamka: kwamba karani hucheza na lugha, na kwamba jibu sahihi hujitambulisha lenyewe.

Sheria hii ya pili ndiyo uti wa mgongo wa ufundi wote. Wachezaji wakipata jibu, wasilazimike kumuuliza mtunzi kama wamepata. Muuza kahawa, ambaye ameelezwa mapema, anaposikia maneno hayo anawakabidhi bahasha. Ndani yake mna mchoro wa bao na barua ya karani anayesimulia mchezo alioucheza zamani, akitaja mistari na mashimo: 1-8, 3-4, 3-1, 3-4, 2-5, 3-8, 2-1.

Bao la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane. Herufi za Kiswahili zikihesabiwa kwa ch kama herufi moja, bila q wala x, ni 24, yaani mistari mitatu kamili. Mstari wa kwanza unaanzia a na kuishia h, wa pili i hadi p, wa tatu r hadi z, na wa nne unabaki mtupu. Katika barua, karani ametaja kwamba mstari mmoja “haukuguswa mchezo mzima.” Mchezaji anayeandika herufi 26 za Kiingereza ataona zinamwagika kuingia mstari wa nne, na hapo anajua amekosea kabla hajafika mbali. Anayezipanga sawasawa anaona z imekaa shimo la mwisho la mstari wa tatu, na kule kukaa vizuri ndiko kunakompa moyo wa kuendelea. Kisha anasoma: mstari wa kwanza shimo la nane ni h, wa tatu shimo la nne ni u, na kuendelea mpaka litokee neno HURUMZI.

Fumbo lenyewe lina mtego mmoja ambao mtunzi asipouona utaharibu jioni nzima. Wachezaji wa bao hukaa wakitazamana, hivyo mstari wa kwanza na shimo la kwanza hutegemea aliyeketi upande gani. Ndiyo maana mchoro katika bahasha una shimo moja la pembeni lililotiwa wino mweusi, na karani anasema “hapo ndipo nilipoanza.” Hata wachezaji wasipoliona, kosa hudhihirika haraka. Anayehesabu mashimo kutoka kulia kwenda kushoto hupata a, v, z, v, l, neno ambalo halitamkiki. Fumbo zuri ni lile ambalo njia zake potofu hufa mapema. Fumbo baya huruhusu jibu la uongo lenye sura ya ukweli, na wachezaji huligundua wakiwa wamesimama mbele ya mlango usiohusika.

Kwa sababu hiyo saa za kukutana haziwekwi ndani ya fumbo kamwe. Inavutia kutumia tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ile iliyoandikwa kwenye simu, lakini atakayekosea hatajua mpaka wakati umekwisha kupita na muuza kahawa amefunga dele lake na kuondoka. Muda huandikwa wazi. Mahali na maneno ndivyo vya kufumbwa, kwa kuwa hivyo hurekebishika.

Hatari kubwa zaidi ya Mji Mkongwe ni ule utajiri wake wa alama. Milango ina samaki, minyororo, maua ya yungiyungi na misumari ya shaba, na mchezaji aliyekwisha kuamini kuwa mji unazungumza naye atavisoma vyote. Mtunzi wa michezo Reed Berkowitz aliandika mwaka 2020 jinsi wachezaji wake walivyokwama chini ya jengo mbele ya vipande vya mbao vilivyoanguka sakafuni vikaonekana kama mshale. Waliukagua ukuta ulioelekezwa na mshale huo, ilhali kidokezo halisi kilikuwa kwingine. Hurumzi jambo hili haliepukiki, kwa hiyo mchezo hupewa muhuri wake: kila kitu cha karani kimefungwa uzi wa buluu, na wachezaji wanaambiwa mapema kwamba kisicho na uzi si cha mchezo. Dalili ya kukwama ni rahisi kuitambua. Mazungumzo hupungua, au mtu anaanza kuhesabu misumari ya mlango.

Hapo karani hutuma ujumbe. Kidokezo cha kwanza huelekeza jicho tu (“ubao wangu una mistari mingapi?”), cha pili hutaja njia, cha tatu hutoa jibu. Dakika 20 za kukwama zinatosha kabla ya cha kwanza. Mtunzi anayeng’ang’ania kimya ili fumbo lake lisidharauliwe amesahau kwamba marafiki walikuja kucheza, na jua la alasiri halimsubiri mtu.

Yapo mambo ambayo mji wenyewe unayakataza. Hakuna kidokezo kinachowekwa msikitini, makaburini, wala katika vyumba vya kumbukumbu ya biashara ya watumwa vilivyoko Mkunazini, ambako watu huenda kwa majonzi. Hakuna kinachohitaji kupanda, kufukua au kuingia uani kwa mtu. Vifurushi havifichwi mitaani. Mnamo Januari 2007, vibao vya taa vilivyotundikwa mjini Boston kutangaza katuni vilidhaniwa mabomu, na polisi walifunga barabara na madaraja. Bahasha mkononi mwa mtu anayejulikana ni salama kuliko kisanduku nyuma ya nguzo, tena ina faida ya ziada: inawalazimu wachezaji kusalimu, kuketi na kunywa kahawa. Sheha naye apewe taarifa, ili vijana wanaokagua milango kwa tochi wasiulizwe na jirani wakakosa la kujibu.

Kabla ya wikiendi yenyewe, rafiki mmoja asiyeshiriki hupewa karatasi na kuachwa afumbue peke yake huku mtunzi akiwa kimya kabisa pembeni. Kila anapouliza swali, barua imepungukiwa sentensi. Muda aliotumia ndio wa kupangia ratiba, wala si ule ambao mtunzi aliukisia.

Jumapili mafumbo mawili ya mwisho yanafika Darajani, kwa muuza kanga mwenye kanga kadhaa zilizoning’inizwa. Wachezaji wana maneno matatu waliyoyakusanya njiani, na ni kanga moja tu ambayo jina lake linayabeba yote. Kanga hiyo mtunzi ameinunua na kuilipia mapema na kumwachia muuzaji, kwani mteja mwingine angeweza kuichukua asubuhi ileile. Wakishaipata, karani anatuma ujumbe wake wa kuaga, na namba yake inafungwa siku hiyo hiyo. Nyuzi za buluu zilizobaki hukusanywa zote, muuza kahawa hupelekewa shukrani na kusimuliwa hadithi ilivyoisha, na sheha huarifiwa kwamba mchezo umekwisha.