Muulize mwenzako kabla hajakimbia

Marafiki wengi wanaofanya mazoezi pamoja huulizana usiku: "Vipi, leo umekimbia?" Swali hilo huja limechelewa. Aliyelala ameshalala, kilichobaki ni kutoa sababu, na rafiki atajibu kirafiki: "Pole ndugu yangu, kesho basi." Pole zikizoeleka, wote wawili wanabaki kitandani.

Tuseme wawili wa Dar es Salaam wanajiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Mmoja anakaa Mbagala, mwingine Kimara. Foleni haiwaruhusu kukutana siku za kazi, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi kila mtu anakimbia mtaani kwake, na Jumamosi wanakutana Coco Beach. Jumatatu usiku wa Mbagala anatuma: "Kesho saa 11:30 alfajiri, kilomita 5. Mvua ikinyesha, skwati na pushapu sebuleni dakika 20." Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameichunguza mipango ya aina hii kwa miaka mingi, na alichokiona ni kwamba anayetaja saa, mahali na atakachofanya kikwazo kikitokea hutimiza zaidi kuliko anayeahidi kujitahidi.

Alfajiri, akifunga kamba za viatu, anaandika neno moja: "Natoka." Ikifika 11:45 kimya, wa Kimara anapiga simu. Asiandike, maana meseji haimwamshi mtu. Wamepanga wote wakimbie saa ileile makusudi: anayesubiri kupiga lazima awe macho, tena ameshavaa viatu.

Jumamosi shida ni mwendo. Katika miaka ya 1920 Otto Köhler aliwapima wapiga makasia wa Berlin wakiinua uzito wawili wawili, na akaona mnyonge huvumilia zaidi akiwa na mwenzake kuliko peke yake, hasa pengo la nguvu likiwa la wastani. Pengo likiwa kubwa, wa nyuma hukata tamaa na wa mbele huchoka kusubiri. Dawa yake ni saa ya mkononi. Wanaanza pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, na dakika ya 30 wote wanageuka popote walipo. Mwepesi sasa ana njia ndefu zaidi ya kurudi, na kila mmoja akishika mwendo wake wanafika karibu pamoja.

Utajuaje mpango unalegea? Tazama urefu wa meseji. "Natoka" ikigeuka aya nzima kuhusu wageni na umeme, kuna jambo. Siku iliyokosekana ipewe mstari mmoja: sababu, na siku ya kuifidia ndani ya wiki hiyohiyo. Sababu ileile ikirudi mara ya pili, msilaumiane, hamisheni saa. Mwalimu wa zamu hawezi kukimbia alfajiri wiki ya zamu, hata umpigie mara kumi.

Na "Goti linauma, leo natembea" lihesabiwe kuwa jibu halali. Lisipokubalika, mwenzako ataandika "Natoka" huku amekaa kitandani akikanda goti.