Tatu mara tatu si mbili: kumpima msafirishaji kwa vigezo viwiliviwili

Mwagizaji wa paneli za umeme wa jua ana makontena bandarini Dar es Salaam na wateja wanaosubiri Lubumbashi. Malori yatapita Tunduma, yavuke Zambia, kisha yaingie Kongo kwa Kasumbalesa. Wasafirishaji watatu wameleta bei. Tuwaite A, B na C. A ana nauli ya chini. B anasifika kwa kufika kwa wakati. C mzigo wake hufika mzima. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, ila hesabu zake ni kamili na msomaji anaweza kuzirudia kwa kikokotoo.

Njia aliyoibuni Thomas Saaty katika miaka ya 1970 haimtaki mtu ataje uzito wa kila kigezo kwa mkupuo. Inamuuliza vigezo viwiliviwili: kati ya hiki na kile, kipi muhimu zaidi, na kwa kiasi gani? Anajibu kwa namba za 1 hadi 9. Moja maana yake vinalingana, 3 kimoja kimezidi kidogo, 5 kimezidi waziwazi, na 9 hakuna mjadala. Jibu la upande wa pili ni kinyume chake: usalama ukipewa 3 juu ya muda, muda unapata 1/3 juu ya usalama.

Mwagizaji wetu akajibu hivi: usalama wa mzigo juu ya muda, 3, muda juu ya nauli, 3, usalama juu ya nauli, 2. Kila kigezo kina majibu matatu katika mstari wake, ukihesabu na 1 ya kujilinganisha chenyewe. Yazidishe, tafuta kipeuo cha tatu cha zao hilo, kisha gawanya kwa jumla ya vipeuo vyote vitatu. Usalama unapata 0.54, muda 0.30 na nauli 0.16.

Mpangilio unaonekana sawa, na wengi huishia hapo. Lakini yatazame tena majibu yenyewe. Kama usalama ni mara tatu ya muda, na muda ni mara tatu ya nauli, basi usalama ulipaswa kuwa mara tisa ya nauli. Yeye ameandika mbili. Hajageuza mpangilio hata kidogo. Nguvu za majibu yake ndizo zinazogombana, na macho peke yake hayaoni ugomvi huo kwa urahisi pindi vigezo vinapofika vitano au sita.

Ndiyo kazi ya uwiano wa uthabiti:

```
CI = (λmax − n) / (n − 1)
CR = CI / RI
```

Herufi n ni idadi ya vigezo, na λmax ni thamani-eigen kubwa kuliko zote ya jedwali la majibu. Majibu yakipatana kabisa, λmax huwa sawa na n, yakigombana, huizidi. Kwa mwagizaji wetu λmax ni 3.257, hivyo CI ni 0.128. RI ni wastani wa CI ya majedwali yaliyojazwa kwa kubahatisha tu, na kwa vigezo vitatu ni 0.58. Kwa hiyo CR ni 0.22. Ugomvi wa majibu yake umefikia zaidi ya moja ya tano ya ule wa mtu anayejaza bila kufikiri. Kikomo kinachotumika sana ni 0.10, na kwa vigezo vitatu Saaty alipendekeza kikali zaidi, 0.05.

Hapa ndipo kazi huharibikia. Mtu huanza kuchezea namba hadi CR ishuke, akapata jedwali safi lisilo na mawazo ya yeyote. Kinachotakiwa ni kurudi kwenye swali. Mwagizaji alipoulizwa kuhusu ile 2, alikiri kwamba alikuwa akiitazama ankara ya nauli na kusahau kuwa paneli iliyopasuka hailipiwi na mteja. Akaandika 5. Muda juu ya nauli akaushusha hadi 2, kwa sababu wateja wake huvumilia siku mbili tatu za foleni mpakani. Sasa tatu mara mbili ni sita, karibu na tano. CR imeshuka hadi 0.003, na uzito umekuwa 0.65, 0.23 na 0.12.

Wasafirishaji nao walilinganishwa vivyo hivyo chini ya kila kigezo. Kwa usalama, A alipata 0.15, B 0.35 na C 0.50, kwa muda, 0.20, 0.55 na 0.25, kwa nauli, 0.60, 0.25 na 0.15. Zidisha kila alama kwa uzito wa kigezo chake, kisha jumlisha. Kwa majibu ya kwanza B alishinda kwa 0.39 dhidi ya 0.37 ya C. Kwa majibu yaliyosahihishwa C anaongoza, 0.40 kwa 0.38. Jibu moja lililotolewa kwa haraka lingempeleka kwa msafirishaji mwingine.

Hata hivyo CR ndogo haithibitishi kwamba majibu ni ya kweli. Anayempendelea ndugu yake anaweza kujaza jedwali linalopatana barabara. Tena ushindi wa C ni mwembamba: shusha uzito wa usalama hadi 0.60, vingine vigawane kinachobaki kwa uwiano uleule, na B anarudi mbele kwa tofauti ndogo sana. Kabla ya kusaini, ningemtaka mwagizaji afungue kumbukumbu za safari zilizopita ahesabu paneli zilizovunjika mikononi mwa B na C, kwa maana uamuzi wote umeegemea zile 0.35 na 0.50.