Wakaguzi wa OpenMRS Wanastahili Pongezi

Mtunga programu aliyeko Nzahaha, wilayani Rusizi, yuko mbali na ofisi za Kigali. Hata hivyo, mradi wa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kutumika Rwanda na Kenya, unampa njia ya kujulikana.

Anayeanza huchagua kazi ndogo iliyoorodheshwa, hujiandikisha kuifanya, kisha hufungua tawi lenye namba ya kazi hiyo, kwa mfano:

```
git checkout -b TRUNK-1234
```

Hurekebisha hitilafu, huandika jaribio linalothibitisha marekebisho, na kuomba yaunganishwe.

Hapo ndipo anapokutana na wakaguzi, na wao ndio wanaostahili pongezi. Husoma mstari kwa mstari na kuuliza: jaribio liko wapi? Mbona mafaili ishirini yamebadilika kwa hitilafu moja? Mara nyingi jibu la swali hili la pili ni kwamba kihariri cha mgeni kimepanga upya nafasi za mistari. Huambiwa ayaondoe mabadiliko hayo, kisha atume tena. Jibu huweza kuchelewa, kwa kuwa wengi hujitolea.

Mazungumzo hayo hubaki hadharani. Mwajiri anayeyasoma huona namna mtu anavyopokea masahihisho, jambo ambalo cheti hakionyeshi. Mradi wenyewe hupanga wachangiaji wake kwa ngazi, kuanzia `/dev/null` hadi `/dev/5`, na anayepanda hupewa dhamana ya kukagua kazi za wengine.