Hesabu za Karanja

Rasimu ya kwanza ya hadithi yangu ilikuwa na homugadi aitwaye Njagi, ambaye alichoma nyumba huku akicheka. Nilimsomea mzee mmoja jirani yangu hapa Runyenjes, mtu aliyeishi siku za Mau Mau akiwa kijana. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyu alikuwa anacheka nini?" Sikuwa na jibu. Mzee akasema homugadi aliowajua yeye hawakuwa watu wa kucheka. Walikuwa watu wenye haraka, wenye orodha mkononi, na jioni walirudi nyumbani kula.

Njagi wangu alikuwa yule ambaye walimu wa fasihi humwita mhusika bapa. Nilirudi kwa mtu aliyeifanya kazi hii vizuri kuliko wote waliogusa kipindi hicho: Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya ya *A Grain of Wheat* ya mwaka 1967, na hasa kwa Karanja wake.

Kwa yeyote wa kijiji cha Thabai, Karanja ni msaliti asiye na mjadala. Alikula kiapo, akakiri kwa Wazungu, akavaa gunia lenye matundu ya macho na kutikisa kichwa watu walipopitishwa mbele yake, mtikiso mmoja ukimpeleka mtu kizuizini. Baadaye akawa homugadi, kisha chifu. Angekuja kwetu kwa mpangilio huo tungemchukia na kuendelea mbele. Ngũgĩ anatufungulia kwanza mlango mwingine kabisa, wa mashindano ya vijana.

Jumapili, vijana walikuwa na mazoea ya kukimbilia stesheni ya Rung'ei kutazama treni. Karanja anampenda Mumbi, na siku moja anakimbia kwa nguvu zake zote ili aonekane. Anafika wa kwanza. Anageuka kumtafuta Mumbi, hayupo. Amebaki nyuma msituni na Gikonyo, fundi seremala ambaye hakujali kushinda. Kwa hesabu ya Karanja, dunia imemdhulumu: amefuata kanuni ya mchezo, ameshinda, na zawadi imekwenda kwa aliyeshindwa.

Tazama udogo wa jambo lenyewe. Hakuna baba katili wala njaa ya utotoni. Waandishi wengi wakitaka kumfanya adui aeleweke humtafutia jeraha kubwa, na jeraha kubwa lina tatizo lake: linaomba msamaha kwa niaba yake. Msomaji husema "maskini," na hapo adui amekwisha. Jeraha la Karanja ni la aina ambayo kila mmoja wetu amewahi kuipata, ila sisi hatukuchukua bunduki. Nafasi kati ya kosa alilotendewa na kosa alilotenda ni pana mno, na ndani ya nafasi hiyo ndimo anamoishi.

Kisha zinakuja hatua, kila moja fupi. Anakiri kiapo kwa sababu akipelekwa kizuizini atakuwa mbali na Mumbi, na Gikonyo tayari amechukuliwa. Akishakiri, lazima aoneshe kwamba alikiri kweli, ndipo linakuja gunia. Akishavaa gunia, hawezi tena kuishi kati ya watu bila silaha. Ukisimama kwenye ngazi yoyote kati ya hizo, ile inayofuata inaonekana ndiyo ya busara. Ngũgĩ hakumruhusu aruke hata moja. Mwandishi akiruka ngazi, msomaji huhisi ameburutwa, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Mahali panaponistaajabisha zaidi ni pale penye chakula. Wakati wa njaa kijijini, Karanja anampelekea Mumbi chakula kwa siri, naye Mumbi, kwa aibu, anakula. Mwandishi mvivu angetumia tukio hilo kutuonesha kwamba Karanja "ana upande mzuri." Hapa wema huo ni sehemu ya uovu. Karanja anaamini kabisa kwamba anaokoa maisha, na ni kweli anayaokoa, na papo hapo anaandika deni. Siku anapomletea habari kwamba Gikonyo anarudi, deni linalipwa, na mtoto anazaliwa. Jaribu kukitoa chakula kile, Karanja atabaki mtu wa kutumia mamlaka vibaya tu. Kikiwepo, yeye mwenyewe hawezi kujiona mbaya, na hapo ndipo anapotisha.

Nikilinganisha na *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, ya 1978, naona tofauti ya makusudi. Fuad anatazamwa kutoka nje, kutoka kwa wanaotumikishwa, na tunajua matendo yake kuliko hesabu zake. Kitabu kile kilihitaji hivyo, kwa maana jicho lake liko kwa Kijakazi, yule mtumishi anayempenda bwana wake kupita kiasi. Si kila adui anahitaji kufunguliwa moyo. Lakini ukimfungua, ulipe gharama yake: kurasa, na utayari wa kumwacha aseme jambo la kweli.

Nikarudi kwa Njagi. Nilimnyima kicheko, nikamtafutia hesabu. Nayo ilikuwa chini ya miguu yangu. Mwaka 1954 serikali ilianzisha Mpango wa Swynnerton: mashamba yaliyotawanyika kukusanywa pamoja, kupimwa na kuandikishwa, na kahawa kuruhusiwa kwa Waafrika wengi zaidi. Kazi hiyo ilifanyika huku maelfu wakiwa vizuizini. Aliyekuwepo kwenye kikao cha ukoo alisema shamba linaanzia wapi, na asiyekuwepo alisemewa. Uaminifu kwa serikali ulikuwa na karatasi yake, na katika uchaguzi wa 1957 Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakupiga kura bila cheti hicho.

Basi Njagi sasa ana kaka kizuizini. Siku ya kupima anasimama kikaoni na kutaja kipande cha kaka yake kuwa chake, maana akinyamaza kitachukuliwa na binamu. Anasema anamtunzia. Nadhani siku ile ni kweli. Anapanda kahawa. Mkahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vya kutosha, na miaka yote hiyo analima, anapogoa, anabeba mbolea, anamlipia mtoto wa kaka yake karo. Kaka anarudi wakati matunda yanaanza kuiva.

Rasimu ya pili niliiharibu hapa. Nilimfanya Njagi aseme, "Najua nimekosa, lakini nimeteseka." Hakuna mtu anayesema hivyo akiwa katikati ya jambo, ni mwandishi anayejitetea kwa mdomo wa mhusika. Dalili yake ni rahisi kuiona: maneno ya adui yakifanana na maneno ambayo hakimu angetumia kumhukumu, ujue umemwingilia. Karanja hajiiti msaliti. Kwake kila mtu yuko peke yake na anapigania uhai wake, na mwoga aliye hai ana faida kuliko shujaa aliyekufa. Ana falsafa, na falsafa hiyo ilianzia pale stesheni.

Katika rasimu ya tatu kaka anasimama mpakani na kuuliza shamba lake liko wapi. Njagi hamjibu. Anainama, anachuma tunda moja jekundu, analiminya mpaka buni zinatoka, anamwekea kaka yake kiganjani.

"Hii ni ya kwanza," anasema. "Ulipoondoka hapa palikuwa na magugu."

Nilimsomea mzee tena. Safari hii hakuuliza kitu. Alitazama chini kwenye mtelemko, upande wa shamba lake mwenyewe, akasema mambo ya mipaka hayafai kusomwa kwa sauti, akaniomba nizungumzie mvua.