Pongezi kwa Kazi ya Baba Yenu

Wapendwa watoto,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Sumbawanga, na nitamwoa mama yenu.

Juzi nilipita shambani kwenu. Njia yenu ya Kifipa ya kulima kwa ntumba naipongeza: mwishoni mwa masika nyasi hukusanywa na kufukiwa kwenye matuta ya mviringo, huoza humo; mvua zikirudi, matuta hubomolewa na kusambazwa, ndipo ulezi hupandwa. Nilichimbua tuta moja. Ndani udongo ulikuwa mweusi, laini, bila unyasi mkavu hata mmoja. Mlizifukia nyasi vizuri. Marehemu baba yenu aliwafundisha kazi.

Sitakaa kwenye nafasi yake. Jina lake litabaki kwenye vyeti vyenu. Kisheria, kumwoa mama hakunifanyi mzazi wenu; hilo huhitaji amri ya mahakama ya kuasili, nami sitaiomba. Shamba lake ni lenu, sitaliuza wala kulikodisha. Ada na daftari nitachangia.

Niiteni Baba Mdogo, mkipenda. Masika yakiisha, naomba mnifundishe kupiga ntumba kama alivyowafundisha yeye.